Maswali na Majibu: Grafu ya Maji Kupwa na Kujaa

"Hii maana yake nini?" (Picha tu, bila neno jingine.)

Umekata kingo zote mbili, pale penye namba za saa na za kimo. Kilichobaki ni mstari wa buluu unaopanda na kushuka, na programu huunyoosha ujaze skrini kila siku. Bamvua hapa Kilindini laweza kutoka mita 3.6 hadi 0.2, na maji mafu yakatoka 2.4 hadi 1.3 tu. Ondoa namba, na picha hizo mbili zinafanana kama pacha. Nitumie picha nzima. Nimeshaomba hivi mara nyingi.

"Grafu ilionyesha maji yamepwa kabisa 07:30. Nikashuka mwambani saa moja u nusu asubuhi kuchokoa pweza, maji yakanifika kifuani. Grafu ni ya uongo?"

La, dada. Kwenye picha yako, chini ya namba za saa, pameandikwa UTC kwa herufi ndogo. Saa yetu iko mbele kwa saa 3, kwa hivyo 07:30 hiyo ni saa nne u nusu hapa Mombasa. Ulipokuwa mwambani, grafu ilikuwa kwenye 04:30. Fuata mstari hapo: mita 1.9, katikati kabisa ya kujaa na kupwa, wakati maji yanaposhuka kwa kasi kuliko wakati wowote. Mwamba wenye kimo cha mita 0.6 kwa kipimo hicho hicho ulikuwa na mita 1.3 za maji juu yake. Ndicho hicho kifua chako.

Wazee wa pwani wanalijua hili bila simu: bamvua la Mombasa hupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Grafu ikikwambia lapwa saa moja, itafute saa yake kwanza. Na ujue kwamba mstari huo hauhesabu upepo. Kusi likivuma, mawimbi mwambani hayamo kwenye picha.

"Kesho yasema 11.8! Tuhame?"

Hizo ni futi. Gawanya kwa 3.28, utapata mita 3.6. Ni bamvua la kawaida.

"Ikifika sufuri, bahari imekauka?"

La. Sufuri imewekwa karibu na kupwa kwa chini kabisa, si kwenye sakafu ya bahari. Kuna siku mstari hupita hata chini yake.

"Vilele vyashuka siku sita mfululizo. Bahari yetu yapungua?"

Umetazama safari ya kutoka bamvua kwenda maji mafu. Bamvua hurudi kila baada ya siku 15 hivi; vuta mhimili wa tarehe mbele kwa wiki moja, utaona vilele vikipanda tena. Anayetaka kujua kama bahari yapanda au yapungua hutazama wastani wa kila mwaka, kwa miaka mingi. Tafadhali ifute ile picha uliyowatumia jamaa.