Maswali na majibu: Namba yako ya zamani ina mwenyewe mwingine, akaunti je?

Wiki hii nimechagua ya namba zilizopotea tu maana ndo yamejaa, kutoka Mikindani mpaka Liwale, na mengi yanafanana.

"Fundi, mimi mwalimu huku Nachingwea. Laini niliyofungulia WhatsApp nilishaitupa na nasikia ina mtu. Ila WhatsApp bado inafunguka kwa hiyohiyo namba. Nifute niweke upya kwa laini mpya?"

Usifute, mwalimu. Usifute, usilogauti, usimpe fundi aiflashi simu. Hiyo WhatsApp inayofunguka ndo kitu pekee ulichobaki nacho, ukiifuta inataka tarakimu sita, na tarakimu sita zinaenda kwa mwenye laini.

Watu wengi hawajui kwamba kuhamisha namba WhatsApp haitumi chochote kwenye namba ya zamani. Inatuma kwenye mpya tu. Inachotaka ni kwamba ile ya zamani iwe bado imefunguliwa kwenye hiyo simu uliyoshika, kama yako ilivyo. Weka laini mpya popote inapopokea meseji, hata kwenye kitochi, halafu nenda Settings, Account, Change number. Juu unaandika namba ya zamani, chini mpya, zote na 255 mbele bila ile sifuri. Itakuuliza kama uwajulishe watu, chagua wale unaowataka wewe, maana mwalimu kuna wazazi wengine humo pengine ulishawakimbia. Meseji ikiingia kwenye laini mpya unajaza, basi. Magrupu yanahama na wewe, picha yako inahama, meseji zako zinabaki palepale kwenye simu, na akaunti ya namba ya zamani inafutwa kwahiyo yule mwenye laini akija kufungua ya kwake anakuta pasafi.

Ila angalia kama hiyo namba mpya ilishafunguliwa WhatsApp nyingine kwenye simu nyingine, itafunikwa.

Na fanya leo. Siku mwenye laini mpya atakapopakua WhatsApp na kujaza namba yake (ndio, yake sasa), simu yako itakuambia namba haijasajiliwa tena hapa, na hapo mlango umefungwa. Kuna wanaojibu "mimi nina pini ya Two-step verification". Ni nzuri, weka, ila itamchelewesha tu. Asiyejua pini wala hana imeili yako anasubiri siku 7 halafu anaingia. Hasomi meseji zako za nyuma maana hizo zipo kwenye simu yako, lakini kama ulikuwa unaitumia mpaka juzi anaweza kujikuta ndani ya magrupu yako, la ukoo, la walimu, la kikoba, na watu wanaendelea kumwita mwalimu.

"Habari akaunti yangu imegoma inataka namba ya zamani nisaidie haraka."

Akaunti ya nini?

"Simu iliibiwa Tandahimba. Gmail inasema itatuma meseji kwenye namba yangu ya zamani ambayo sa hivi anayo mama mmoja yuko Mbeya. Nimempigia vizuri tu anisomee hizo namba, kanikatia. Nifanyeje?"

Huyo mama kafanya sawa kabisa na wewe ungemkatia. Kila siku tunaambiana usimsomee mtu tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, matapeli ndo wanavyoanza, "samahani mama nimekosea namba", sasa atakutofautishaje wewe na wao? Mwache.

Rudi nyuma kidogo. Umesema simu iliibiwa, hujasema hiyo Gmail ilikuwa imefunguliwa wapi kwingine. Simu ya zamani iliyopasuka kioo ipo kabatini? Kompyuta ya ofisini? Simu uliyompa mdogo wako ukaacha imeili yako humo kwa ajili ya kupakua vitu? Watu wanasema hapana, wakikaa wakikumbuka ipo. Ukiipata yenye akaunti hai, iwashe, iunganishe na intaneti, halafu jaribu kuingia kwenye simu mpya ukichagua Try another way. Mara nyingi Google inakubali kutuma swali kwenye ile simu iliyofunguka badala ya meseji, unabonyeza Yes na umeingia.

Ukishaingia usikimbilie kufurahi. Nenda myaccount.google.com, upande wa Security. Hapa ndo wengi wanaharibu, maana namba imekaa zaidi ya sehemu moja. Kuna Recovery phone, na kuna namba ya 2-Step Verification ambayo ni kitu kingine, ukibadilisha ya kwanza ya pili inabaki ileile ya mama wa Mbeya. Halafu wanarudi kwangu mwezi ujao, "fundi nilibadilisha mbona bado inatuma kule". Pitia zote, toa ya zamani, weka mpya, weka na imeili ya pili. Humohumo kuna Backup codes, zipo 10, kila moja tarakimu 8, ziandike kwenye karatasi ikae na vyeti vyako. Sio kwenye simu hiyohiyo.

Ukibadilisha, Google inaweza kuendelea kutoa nafasi ya kutuma kwenye namba ya zamani kwa siku 7. Sio kwamba imekataa. Wameweka hivyo ili mwizi akibadilisha namba yako uwe na muda wa kumuwahi, kwako wewe inakuwa kero, vumilia.

Kama hakuna kifaa chochote chenye akaunti, inabaki g.co/recover. Fanya ukiwa sehemu uliyozoea kuitumia, kwa waifai ileile au simu uliyowahi kuingilia, na paswedi jaza ya mwisho unayoikumbuka hata kama sio ya sasa. Usijaribu mara ishirini kwa saa moja, unaonekana mwizi. Ikikataa acha siku chache urudie. Inaweza ikakataa moja kwa moja na hakuna duka la Google Mtwara wala Dar la kwenda kulia, kwahiyo anayekuambia ana mtu wake ndani Google anataka hela yako.

"Laini yangu naiweka kwenye simu msimu wa korosho tu, hela za mnada zikikaribia. Mwaka huu haishiki mtandao. Benki nimeandikisha hiyo, chamani hiyo. Inarudi?"

Inategemea imefika wapi. Mjomba, namba ni chumba cha kupanga, hukai na hulipi kodi anaingizwa mpangaji mwingine. Laini isiyotumika miezi kadhaa mtandao unaifunga, ikakaa, halafu inauzwa upya na kusajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine. Kutoka mnada wa mwisho mpaka unaofuata kuna miezi mingapi? Hesabu mwenyewe.

Kujua ipo wapi, piga *106# kwa laini yako nyingine uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Halafu ipigie. Ikiita, ina mtu. Ikisema haipatikani, anza kama unaitumia hela, jina litatokea kabla hujathibitisha, likiwa si lako sitisha hapohapo. Kama haina mtu, nenda duka la huduma la mtandao wako na namba yako ya NIDA, zile tarakimu 20, na wewe mwenyewe maana wanataka kidole. Hapo kuna wanaorudishiwa. Kama imeshasajiliwa kwa mwingine hairudi, na usiende kugombana na dada wa kaunta, hiyo namba si yako na si yake.

Sasa cha haraka ni benki. Sio kwa wakala, wakala hana uwezo wa kubadilisha namba. Nenda tawini mwenyewe, na kadi, kitambulisho na laini mpya imesajiliwa kwa jina lako (sio la mtoto wako, hapo wengi wanarudishwa Masasi mpaka kijijini). Waambie wabadilishe sehemu mbili, namba ya taarifa za akaunti na namba ya huduma ya benki kwa simu. Ukiacha ya taarifa, siku hela ya korosho inaingia mtu usiyemjua anapata meseji yenye kiasi na salio. Hawezi kuitoa kwa meseji hiyo peke yake, lakini ana namba yako, ana jambo la kuanzia maneno, na matapeli wa msimu mnawajua. Kutoka hapo pitia chamani ukamwambie katibu arekebishe na ya kwake, mbele yako, kwenye daftari na kwenye mfumo.

Na hiyo mpya uwe unaipigia watu simu hata kwa vocha ndogo kila mwezi. Kuiwasha na kuizima tu haitoshi.

"Telegram nayo hivyohivyo?"

Mbaya zaidi. Meseji za Telegram za kawaida zimekaa kwao sio kwenye simu yako, kwahiyo anayeingia kwa namba yako anakuta mazungumzo yote. Kama bado imefunguka, Settings, bonyeza namba, Change Number, meseji inakuja kwenye mpya. Halafu Privacy and Security, weka Two-Step Verification na paswedi.

"Nimenunua laini Lindi, kila siku napata meseji za mikopo ya mtu na tarakimu za Facebook yake. Nikiingia nimuandikie nitakuwa nimekosea?"

Ndiyo. Kumuandikia kutoka ndani ya akaunti yake ni kuingia akaunti isiyo yako, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiulizi kama nia ilikuwa nzuri. Zifute. Wale wa kausha damu waambie mara moja laini imebadilika mwenyewe kisha uwablok.

Na usidhani umeokota laini ya bahati mbaya. Watafiti wa chuo cha Princeton, Marekani, mwaka 2021 walichukua namba 259 zilizokuwa zinauzwa kwa wateja wapya, 171 zikakutwa bado zimefungwa kwenye akaunti za watu kwenye mitandao maarufu. Kwahiyo kabla hujaandikisha benki kwenye hiyo laini yako, kaa nayo kwanza wiki chache uone inaletewa nini.

"Nikiivunja kadi ya laini ya zamani si ndo salama?"

Umevunja plastiki. Namba ipo.

"Kuna kijana pale stendi anataka elfu 30 na paswedi yangu anibadilishie namba kwenye Facebook."

Kama unaweza kumpa paswedi maana yake unaingia mwenyewe, na anayeingia mwenyewe anabadilisha bure, Settings, Accounts Center, Personal details, Contact info, weka mpya kwanza ikikubali ndo utoe ya zamani. Kama ulishampa, badilisha paswedi sa hivi kabla hujaniandikia tena, na uangalie hakuongeza namba yake humo.