Kabla tawi halijatangaza mgomo

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika shamba moja la chai huko Mufindi, na hadi leo viongozi wa matawi ya Iringa na Njombe hunipigia simu wakati wanachama wao wameshachoka kusubiri. Kabla ya kusema lolote huwaomba wanisomee orodha ya madai yao, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaangalia kwanza aina ya dai, ndipo iangalie ukubwa wa hasira.

Orodha yetu ilikuwa na madai mawili yaliyoandikwa kama dai moja. Wachumaji walitaka bei ya kilo ya majani mabichi ipandishwe, na wenzao wa kiwandani walidai malipo ya saa za ziada ambazo walikwisha kuzifanyia kazi. Dai la kwanza ni mgogoro wa maslahi, yaani mnaomba kitu ambacho bado hamna, na huo unaweza kufika kwenye mgomo. La pili ni malalamiko, kwa kuwa haki hiyo tayari ipo katika sheria na mkataba, na sheria haimruhusu mtu yeyote kugoma kwa ajili ya malalamiko hata kama mwajiri amekosea waziwazi. Njia yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tena ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na usuluhishi ukishindikana huenda kwa mwamuzi au Mahakama ya Kazi. Wenzetu wa kiwandani walinung'unika sana tulipoyatenganisha madai hayo, nami sikuwashangaa, maana aliyenyimwa fedha aliyoitolea jasho huona lake ndilo zito zaidi. Hata hivyo, tungeyaacha pamoja, mwajiri angepata sababu ya kwenda Mahakama ya Kazi kuomba mgomo mzima uzuiwe.

Jambo la pili la kukagua ni mkataba wa hali bora uliopo. Ikiwa mkataba huo bado unatumika na umekwisha kupanga bei ya kilo, hamuwezi kugomea bei hiyo. Wa kwetu ulikuwa umekwisha muda wake na majadiliano ya mkataba mpya yalikwama kwenye bei, kwa hiyo tulijaza fomu namba 1 ya Tume, tukampelekea mwajiri nakala na kubaki na ushahidi kwamba ameipokea. Kuanzia hapo usuluhishi una siku 30. Wengi huona muda huu ni wa kupoteza tu, wakakwepa vikao. Lakini wafanyakazi wasipohudhuria, msuluhishi anaweza kuongeza siku nyingine 30, na mwajiri akikosa yeye, msuluhishi anaweza kuufupisha muda. Nendeni kila mnapoitwa, hata kama mnajua jibu la upande wa pili.

Usuluhishi ukishindikana, chama huitisha kura kwa utaratibu wa katiba yake. Kinachotakiwa ni wengi wa waliopiga kura: tawi likiwa na wanachama 400 na wakapiga kura 260, kura 131 za ndiyo zinatosha. Makofi ya mkutanoni si kura. Tunzeni karatasi zenyewe na fomu ya matokeo, kwani hivyo ndivyo vitakavyoulizwa mahakamani. Baada ya hapo mwajiri hupewa notisi ya saa 48, na notisi iliyotolewa kabla muda wa usuluhishi haujaisha haihesabiki.

Wakati wa mgomo wachumaji hubaki majumbani. Sheria inakataza kukusanyika getini kuwashinikiza wengine wasiingie, kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie, na kwa upande wake mwajiri haruhusiwi kuleta vibarua wa kushika nafasi za waliogoma kihalali. Wauguzi wa zahanati ya shamba na wanaosukuma maji ya kambini tuliwaambia mapema waendelee na kazi, kwa sababu afya na maji ni huduma muhimu zisizogomewa kwa utaratibu huu. Waelezeni wanachama pia kwamba mwajiri halazimiki kulipa ujira wa siku za mgomo, ila hawezi kumfukuza mtu kwa kushiriki mgomo halali. Mgomo usio halali ni utovu wa nidhamu. Mwajiri hutakiwa kuwasiliana na chama na kutoa onyo la mwisho lenye muda wa kutafakari, lakini wakilipuuza anaweza kuwaachisha kazi.

Kwetu notisi ilitosha. Majani yakishachumwa hayasubiri, na mwenye kiwanda alijua hivyo kuliko sisi. Akaita kikao kabla saa 48 hazijaisha, bei ikapanda, ingawa si kwa kiasi tulichoomba, na dai la saa za ziada likaendelea Tume peke yake. Kabla ya kutia saini tulibishana zaidi kuhusu muda wa mkataba kuliko bei yenyewe, maana mwajiri alitaka uwe mrefu, na kwa muda wote huo tusingeweza kugomea bei hiyo tena.