Chumvi ya potasiamu kwa mwenye presha

"Baba ana presha, anameza losatani na spironolaktoni. Nimbadilishie chumvi ya potasiamu? Si chumvi tu?"

Usimbadilishie bado. Katika chumvi hii, sehemu ya sodiamu ya chumvi ya kawaida imebadilishwa na potasiamu. Dawa zote mbili hufanya figo zibakize potasiamu. Ukiongeza ya kwenye chumvi, inaweza kujaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo, mara nyingi bila dalili za mapema. Mwenye figo mbovu naye aiache. Kwa wengine inasaidia kweli: utafiti mkubwa wa China wa 2021 ulitumia chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu, na kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Kwa baba, mpeleke apimwe damu, kreatinini inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu, daktari aamue. Hata pakiti hazilingani: nyingine zina kloridi ya potasiamu zaidi ya nusu, ndizo zenye uchungu mdomoni.