Meseji za uthibitishaji zinakuja kwa lugha nisiyoijua

"Nataka kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, ila maelezo na meseji zenye msimbo zinakuja kwa lugha nisiyoielewa hata kidogo. Nifanyeje?"

Ndugu, ushauri wangu ni uachane na meseji, utumie programu ya kuzalisha misimbo kama Google Authenticator. Yenyewe inakutolea tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, hata simu ikiwa haina mtandao, na hakuna sentensi yoyote ya kusoma.

Anza kwa kubadili lugha ya ukurasa. Kwa akaunti ya Google huwa naandika hivi kwenye kivinjari:

```
https://myaccount.google.com/?hl=sw
```

Hapo unaona unachobonyeza. Usishangae meseji zikiendelea kuja kwa lugha ileile, maana mara nyingi hizo hazifuati lugha ya ukurasa uliofungua.

Ukifika kwenye picha ya QR, iskani kwa programu. Ikigoma, omba ufunguo wa maandishi uuandike kwa mkono. Ufunguo huo kwa kawaida una herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 tu. Kwa hiyo ukiona duara, hiyo ni herufi O; sifuri haimo. Misimbo ikikataliwa ingawa ufunguo ni sahihi, tazama saa ya simu na uiweke ijirekebishe yenyewe, kwa sababu msimbo unahesabiwa kutokana na muda.

Kabla hujafika huko utapokea meseji moja au mbili, na hapa naomba uwe makini sana. Tarakimu 6 hazikwambii ni za kazi gani: zinaweza kuwa za kuingia, za kubadili nywila, au za kuhamisha namba ya simu. Wakati naweka ya kwangu, meseji ya kwanza ilifika mara tu nilipobonyeza. Ya pili ikaja baadaye, nami sijagusa kitu. Nilinakili maneno yake, nikafuta tarakimu, nikayapitisha kwenye kitafsiri: ilikuwa ni ombi la kubadili nywila. Sikuiingiza popote. Nilibadili nywila mwenyewe kisha nikaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Mtu akikupigia akuombe umsomee tarakimu kama hizo, kata simu. Onyo la kutompa mtu yeyote huenda limeandikwa humohumo kwenye meseji usiyoweza kuisoma.

Vivyo hivyo kwa kidirisha chenye vitufe viwili, kinachouliza kama ni wewe unayeingia. Usikisie kwa rangi wala kwa upande kitufe kilipo. Kama si wewe uliyeanza kuingia, kiache kiishe muda wake, halafu ukague akaunti.

Programu ikishakubaliwa, chukua misimbo ya akiba. Google hutoa 10, kila mmoja una tarakimu 8. Iandike kwenye karatasi, uijaribu programu kwa kutoka na kuingia tena, ndipo uiondoe njia ya meseji.