Uso unatoka giza kwenye simu ya video

"Nikipiga simu ya video uso unatoka giza na kidevu kinaonekana kikubwa. Laptopu iko mezani, dirisha nyuma yangu. Ninunue taa?"

Taa usinunue kwanza. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Dirisha likiwa nyuma, inafifisha kila kitu na uso ndio unaoumia. Geuza meza ulitazame dirisha, lakini kimshazari kidogo, maana mwanga wa mbele kabisa huufanya uso uonekane bapa. Jua likipiga moja kwa moja, shusha pazia jeupe jepesi.

Kidevu ni suala la kimo tu. Inua laptopu kwa vitabu hadi lenzi ilingane na macho, kisha rudi nyuma urefu wa mkono, kwani ukaribu huvimbisha pua. Usiku, elekeza taa ya mezani kwenye ukuta mweupe ulio mbele yako, si usoni.