Mteja hawezi kuingia baada ya mfumo kuhamishwa: namna ninavyomjibu

Nilikuwa dawati la huduma kwa wateja katika chama kimoja cha akiba na mikopo, wiki ambayo mfumo mpya ulibadilisha majina ya kuingilia. Jina la zamani lilikuwa namba ya simu inayoanza na sifuri, 07XXXXXXXX. Jipya likawa namba hiyohiyo yenye tarakimu 12, 2557XXXXXXXX, bila alama ya kujumlisha. Neno la siri halikubadilika, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mteja akiambiwa na skrini kwamba jina au neno la siri si sahihi, hulituhumu neno la siri. Huomba kuliweka upya kwa jina la zamani, naye hujibiwa kwamba ikiwa akaunti ipo, atatumiwa ujumbe. Kwa usalama, mfumo haumwambii kwamba jina hilo halipo tena, kwa hiyo hungoja ujumbe usiokuja, kisha hujaribu tena mpaka mfumo unamfungia asijaribu zaidi. Anapotupigia, ana hasira ya haki. Mwanzoni niliwashauri wengi waombe tena neno la siri, nikawaongezea usumbufu.

Baadaye nilianza hivi: "Pole sana, mama. Neno lako la siri halina kosa. Tumehamisha mfumo, na jina la kuingilia limebadilika. Naomba usijaribu kuingia kwanza; nisomee maneno yaliyoandikwa kwenye skrini." Kama amefungiwa, namwambia atafunguliwa baada ya dakika 30, nami namtajia saa yenyewe, kwa kuwa "subiri kidogo" humrudisha kwenye simu baada ya dakika tano.

Kabla ya kumtajia jina jipya, namthibitisha kwa namba ya uanachama na tawi alilojiunga, na kuongeza: "Sitakuuliza neno la siri wala msimbo uliotumiwa kwa ujumbe. Anayekuuliza hayo si mwenzetu." Matapeli huzipenda sana wiki za namna hii. Kisha: "Futa jina lililojiandika lenyewe, halafu andika 255, ukifuatisha namba yako bila sifuri ya mwanzo." Kufuta ni lazima, kwani simu huhifadhi jina la zamani na kulirudisha bila mtu kutambua.

Mama mmoja mwenye duka alifuata yote hayo na bado akakataliwa. Nilipotazama daftari la wanachama, niliona namba yenye tarakimu mbili za mwisho tofauti na zile alizopigia. Alikuwa amebadilisha laini bila kututaarifu, na jina jipya lilitengenezwa kutokana na namba ya zamani. Sikumtajia namba hiyo, kwa sababu pengine aliyekuwa akiongea nami hakuwa yeye. Nilimwambia: "Namba tuliyonayo si hii unayopigia, na siruhusiwi kuibadilisha kwa simu. Nenda na kitambulisho tawini. Nimekwisha kuwaandikia, hutaanza maelezo upya." Alinuna, lakini mchana alifika tawini, namba ikabadilishwa, akaingia.