Flati ya milioni 5 na uhamisho mlangoni

"Tunapanga Bamburi kwa 25,000. Tumepata flati ya milioni 5, lakini mume wangu anaweza kuhamishwa wakati wowote. Tununue?"

Salamu dada. Kwanza hesabu pesa isiyorudi. Ushuru wa stempu mjini ni 4%, yaani 200,000, kodi yenu ya miezi 8, na hapo wakili hajadai chake. Mkihamishwa mwaka wa kwanza, hiyo imekwenda. Mkiuza kwa faida bila kuwa mmekaa humo miaka 3 mfululizo, serikali inachukua 15% ya faida hiyo.

Najua utasema mtaipangisha. Sisi tulifanya hivyo tulipohamishiwa Kisumu, miezi 14 baada ya kununua. Mpangaji wa kwanza alitoka kimyakimya, flati ikakaa tupu miezi 3 huku mkopo na ada ya usimamizi vikiendelea kama kawaida. Niliporudi nikakuta grili za dirisha zimeliwa na chumvi ya bahari hadi zinamenyeka kwa kucha. Tena kodi ya 25,000 hukatwa ushuru wa 7.5% kabla ya kutoa gharama yoyote: 1,875 kila mwezi.

Mimi ningeendelea kupanga hadi barua ya kazi ieleweke. Na mkiona nyumba ya bei ya kushangaza huko Kisauni au Likoni, ulizeni kwanza kama ni nyumba bila ardhi. Mtamiliki kuta, na mwenye kiwanja mtamlipa kila mwezi. Benki kwa kawaida haitaigusa, na kuiuza kwa haraka ni kazi.